Ulisema mkutanoni, lakini kiliandikwa nini?

Kazi yangu ni kuandika kumbukumbu kwenye mikutano ya kusikiliza maoni ya wakazi, ile inayoitishwa kabla baraza halijaamua jambo la mtaa. Watu wengi wanadhani wakishasimama wakaongea basi yamefika. Hapana jamani. Anayeamua mara nyingi hata hakuwepo siku ile, anachosoma yeye ni faili, kwa hiyo kama maneno yako hayamo kwenye faili kwake ni kama hayajasemwa.

Nichukue mfano. Idara inataka kuweka kituo cha kukusanyia taka nyuma ya shule, na sheria ya mahali hapo inataka tangazo la siku 14 kamili. Tangazo linabandikwa tarehe 3, mkutano tarehe 17. Ukitoa 17 kwa 3 unapata 14, wote wanaridhika, kumbe neno "kamili" kwa kawaida lina maana siku ya kubandika haihesabiwi na siku ya mkutano nayo haihesabiwi, sasa hesabu mwenyewe kuanzia tarehe 4 mpaka 16 uone, ni 13. Siku moja tu imepungua, na hiyo moja inaweza kutosha kwa mtu kwenda kupinga uamuzi mzima. Ndo maana huwa nadai picha ya tangazo likiwa limebandikwa pale pale kwenye eneo, na fomu aliyosaini mbandikaji ikionyesha siku na saa, halafu mtu arudi katikati ya kipindi kuangalia kama bado lipo, maana mvua inachana karatasi.

Na lugha ya tangazo pia. "Mabadiliko ya matumizi ya kiwanja namba fulani" hakuna mkazi atakayejua ndo pale nyuma ya shule! Liseme kituo cha taka, liweke ramani ndogo, liseme michoro inasomwa wapi na maoni ya maandishi yanapokelewa mpaka lini.

Sasa tuje kwenye rekodi, hapa ndo maoni mengi yanapotelea. Mama mmoja anasimama anasema: magari ya taka yatapita saa moja asubuhi, muda huo watoto wanaenda shule, na barabara ni nyembamba haina sehemu ya kutembea kwa miguu, kwa hiyo hataki kituo labda magari yazuiwe asubuhi. Nilipoanza kazi hii ningeandika "mkazi mmoja alieleza wasiwasi kuhusu usalama", na nimeandika hivyo mara nyingi, inaniuma hadi leo. Sentensi hiyo idara inaijibu kwa maneno mawili tu, "usalama utazingatiwa", imeisha, kwa sababu hakuna kitu cha kushika pale.

Siku hizi kila msemaji nampa namba, halafu naandika vitu vitatu: msimamo wake, sababu yake, anachoomba. Yule mama anakuwa M-14: anapinga isipokuwa kwa sharti, sababu watoto na upana wa barabara, anaomba magari yasipite saa 12:30 mpaka saa 2:00 asubuhi. Baadaye namba hiyo inaingia kwenye jedwali la maoni, pembeni yake kuna safu ya jibu la idara na safu ya kilichobadilika kwenye mpango. Hapo hawawezi tena kujibu kwa jumla, ama wakubali sharti la saa ama waandike kwa nini haliwezekani.

Kukubali si lazima, na mkutano si kura. Lakini kwenye kesi ya Gunning ya mwaka 1985 kule Uingereza, iliyohusu halmashauri ya Brent na shule, mahakama ilikubali misingi inayotajwa mpaka leo: watu waulizwe jambo likiwa bado halijaamuliwa, wapewe sababu za kutosha, wapewe muda, na majibu yao yafikiriwe kweli kweli. Jedwali ndilo linaloonyesha kama huo msingi wa mwisho umefuatwa.

Kitu kingine, karatasi ya mahudhurio. Nimewahi kukuta faili ambalo majina 60 ya waliohudhuria yamewekwa kama kiambatisho cha "wakazi walioafiki", wakati nusu yao walikuja kupinga. Soma kichwa cha karatasi kabla hujasaini, kama hakijaandikwa "mahudhurio" waambie waandike kwanza. Na hata kama umeongea, peleka maoni yako kwa maandishi nakala mbili, moja ubaki nayo ikiwa na muhuri wa kupokelewa na tarehe. Halafu omba rasimu ya kumbukumbu kabla haijathibitishwa, tafuta namba yako, na ukikuta "alieleza wasiwasi" rudisha masahihisho kwa barua ukitaja namba hiyo na maneno uliyoyasema.