Asilimia 3 flati kwa mwezi siyo 36 kwa mwaka

Wiki hii kaja mama mmoja anauza vitenge, karatasi ya mkopo mkononi. Binti yake anasoma uhasibu, kapiga hesabu kapata riba ya asilimia 61 kwa mwaka. Afisa mikopo kamwambia mama binti kakosea, tatu mara kumi na mbili ni thelathini na sita, basi. Hiyo tatu mara kumi na mbili nimeisikia mara nyingi mno, na inaniuma zaidi ikitoka kwa mtu ambaye kazi yake ni kukopesha.

Binti hajakosea. Mama alichukua 1,200,000 kwa miezi 12. Riba flati inapigwa kwenye mkopo wa mwanzo, kwa hiyo 36,000 kila mwezi, mwaka mzima 432,000, jumla anarudisha 1,632,000, rejesho 136,000 kwa mwezi. Hapo wote watatu wanakubaliana na hakuna aliyeongeza hata shilingi moja. Ugomvi uko kwingine: hiyo 432,000 analipia pesa kiasi gani?

Thelathini na sita ingekuwa sahihi kama mama angekaa na 1,200,000 yote mpaka mwezi wa 12 ndio arudishe kwa mkupuo. Lakini yeye anaanza kurudisha mwezi wa kwanza! Kwa jedwali lao wenyewe kila rejesho linakata laki moja ya mkopo, kwa hiyo mwezi wa mwisho anadaiwa laki moja tu na bado anatozwa riba 36,000 ileile, kana kwamba milioni na laki mbili bado iko dukani kwake. Laki moja, mwezi mmoja, 36,000. Huo mstari wa mwisho ndio namwonyesha kila mtu, maana hapo hata asiyependa hesabu anaona pesa alisharudisha na bado anailipia.

Kiwango halisi kinauliza: ni riba gani, ikipigwa kwenye salio lililobaki tu, inayofanya marejesho 12 ya 136,000 yamalize deni la 1,200,000? Kwenye Excel:

```
=RATE(12,-136000,1200000)
```

Inatoa kama asilimia 5.08 kwa mwezi, mara 12 ni 61. Kuna wanaopiga kwa mkato, wastani wa salio kwenye jedwali la flati ni 650,000, gawanya 432,000 kwa hiyo unapata kama 66. Inakaribia ila inazidisha, kwa sababu ukipiga riba kwenye salio, miezi ya mwanzo sehemu kubwa ya rejesho inaenda kwenye riba na deni linashuka polepole kuliko laki kwa mwezi.

Sasa hapa ndipo watu wanapoumia. Ukiwekewa mkopo wa asilimia 3 flati na mwingine wa asilimia 4 salio linalopungua, wengi wanakimbilia wa 3. Huo wa 4 rejesho lake ni kama 127,900 na riba ya mwaka mzima haifiki 335,000. Yaani "asilimia 4" ni nafuu kwa karibu laki moja, mkopo uleule na muda uleule. Na kama kabla ya kukupa wanakata ada, tuseme 36,000, mkononi unapata 1,164,000, weka hiyo kwenye fomula badala ya 1,200,000 utaona 5.08 inakuwa kama 5.6.

Kitu kimoja bado kinanisumbua. Ukipiga 5.08 kwa riba juu ya riba kwa miezi 12 unapata kama asilimia 81, na kuna wataalamu wanaosema hiyo ndiyo ya kutangaza. Kihesabu iko sawa, ila inachukulia kila rejesho lingeendelea kuzaa kwa kasi ileile hadi mwisho wa mwaka, na kwa mama wa vitenge sijui kama ni kweli, kuna miezi duka halizalishi kabisa. Mimi namwambia mtu ya mwezi, 5.08, nalinganisha na faida yake ya mwezi. Ya mwaka naitumia kulinganisha mkopo na mkopo.

Mama kashalipa miezi sita, na alitaka akope kwenye kikundi chake amalize deni mapema apunguze riba. Nikamwambia tusome kwanza kipengele cha kulipa kabla ya muda. Kimeandikwa atalipa mkopo uliobaki 600,000 pamoja na riba yote ya miezi iliyobaki, 216,000. Jumla 816,000, sawasawa na marejesho sita ya 136,000 ambayo angelipa taratibu. Wangesamehe hiyo 216,000 ningemwambia kimbia kalipe leo. Kwa mkataba ule akilipa mapema haokoi hata shilingi, na riba ya kikundi inaongezeka juu yake. Karudi dukani, ataendelea na 136,000 zake mpaka mwezi wa 12.