Barua kwa benki: kuahirisha marejesho hakupandishi uwiano wa riba

Mimi ni mweka hazina wa kiwanda cha maboksi ya katoni, jirani na Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam. Katikati ya Oktoba niliandika barua ya kuomba benki ilegeze masharti ya mkopo wetu. Rasimu ya kwanza ilikuwa na kosa la aibu, nami nalieleza kwa sababu nimeliona pia kwenye barua za wenzangu.

Tulikuwa tunadaiwa shilingi bilioni 4.5 kwa riba ya asilimia 16, yaani takribani milioni 720 kwa mwaka. Kila mwezi tunarejesha milioni 75 za deni la msingi, na riba juu yake. Mkataba unasema faida ya uendeshaji, kabla ya riba na kodi, iwe angalau mara 2 ya riba. Kipimo hufanyika Juni 30 na Desemba 31 kwa miezi 12 iliyopita. Safari hii makadirio ya Desemba yalikuwa faida ya milioni 1,080. Gawanya kwa 720, unapata 1.5.

Rasimu yangu iliomba tusimamishiwe deni la msingi kwa miezi sita "ili uwiano urudi juu ya 2". Kabla ya kuituma nilimsomea kwa simu ofisa mikopo wetu. Akacheka kidogo. "Dada, deni la msingi haliko kwenye hesabu hiyo."

Kweli halipo. Uwiano unalinganisha faida na riba, basi. Ukiacha kulipa deni la msingi, deni halipungui na riba inabaki juu. Kwetu, kusimamisha milioni 75 kwa miezi sita kungeongeza riba ya miezi 12 kwa takribani milioni 51. Yaani dawa niliyoomba ingezidisha ugonjwa niliouandika.

Magonjwa yalikuwa mawili. Faida ilishuka kwa sababu karatasi tunainunua kwa dola na ilipanda bei, wakati bei zetu kwa wateja zilikuwa zimefungwa na mikataba hadi Januari. Fedha taslimu nazo zilikauka kwa sababu wateja wakubwa waliacha kulipa ndani ya siku 45, wakawa wanalipa siku ya 75. Kila moja lilihitaji aya yake na ombi lake.

Kwa uwiano niliandika hivi (barua yenyewe ilikuwa ya Kiingereza): "Tunaomba kiwango kishushwe hadi 1.3 kwa vipimo vya Desemba na Juni tu, kisha kirudi 2." Kwa nini 1.3 wakati makadirio ni 1.5? Kwa sababu ukiomba 1.5 kamili, mteja mmoja akipunguza oda umevunja sharti jipya. Kwa 1.3 faida inaweza kushuka hadi milioni 936 bila kuvunja kitu. Punguzo la riba sikuomba. Kufikia 2 kwa njia hiyo kungehitaji riba ya asilimia 12, na hilo lingeifanya kamati ya mikopo iweke barua pembeni.

Tarehe nayo ina uzito. Sharti likivunjwa Desemba 31 bila ridhaa ya benki kupatikana kabla ya siku hiyo, kanuni za uhasibu zinataka mkopo wote uonekane kwenye hesabu kama deni la kulipwa ndani ya mwaka, hata benki ikikusamehe Januari. Wasambazaji wakiona hesabu hizo, wanaanza kudai kulipwa kwanza.

Kwa fedha taslimu ombi la kusimamishiwa deni la msingi kwa miezi sita lilibaki, nikaambatanisha jedwali la wiki 13, wiki kwa wiki. Wiki mbaya ilikuwa ya 12, baada ya awamu ya kodi ya mapato ya mwisho wa Desemba, mishahara na malipo ya karatasi iliyofika bandarini. Bila nafuu tungezama kwenye ovadrafti hadi milioni 410, na kikomo chetu ni 300. Tukiruka marejesho ya Novemba na Desemba, 260.

Ofisa akauliza: mteja wenu mkubwa akichelewa wiki mbili? Inaongezeka 90, jumla 350, tumevuka. Hapo nikaongeza mstari unaosema oda ya karatasi itagawanywa mara mbili, hivyo milioni 80 zinasogea hadi Februari. Ikawa 270. Jedwali lenye hali nzuri peke yake halimsaidii ofisa, maana swali hilohilo ataulizwa ndani ya kamati bila wewe kuwepo.

Jibu lilikuja mapema Desemba. 1.3 tulipewa kwa vipimo vyote viwili. Deni la msingi lilisimamishwa kwa miezi minne badala ya sita, kuanzia Novemba, na gawio limezuiwa hadi uwiano urudi 2. Kuna pia ada ya kurekebisha mkataba, nusu asilimia ya deni: milioni 22.5, inakatwa mara moja. Ada hiyo sikuiweka kwenye jedwali. Mteja akichelewa, wiki ya 12 sasa inasoma 292.5.