Feritini "ya kawaida" kwa mgonjwa aliyelazwa: chuma kipo au kimekwisha?

Mwanamke wa miaka 41 amelazwa kwa nimonia. Ana homa kali, anapumua kwa shida, na kipimo cha damu kimeonyesha Hb, yaani wingi wa damu, ya 7.6. Daktari wa zamu anaagiza feritini ili ajue kama damu imepungua kwa kukosa madini ya chuma. Jibu linarudi mikrogramu 96 kwa lita. Karatasi ya maabara inasema kiwango cha kawaida kwa mwanamke ni 15 hadi 150, kwa hiyo hakuna alama yoyote pembeni ya namba hiyo. Kwenye faili linaandikwa "chuma kawaida", na suala linaishia hapo.

Mgonjwa huyu nimemtunga kwa kuunganisha wagonjwa wa aina yake, lakini sentensi ile kwenye faili haikutungwa. Inaandikwa wodini mara kwa mara, na mama wa namna hii huruhusiwa kwenda nyumbani akiwa na antibayotiki peke yake, ilhali mwili wake hauna chuma cha kutengenezea damu.

Feritini ni protini inayohifadhi chuma ndani ya seli, hasa za ini, wengu na uboho. Sehemu ndogo yake huonekana kwenye damu, na mtu akiwa mzima sehemu hiyo hufuata ukubwa wa akiba: akiba ikipungua, nayo hushuka. Ndiyo maana kwa mtu asiyeumwa feritini ni kipimo kizuri sana. Ikiwa chini ya 15 kwa mtu mzima, akiba imekwisha, na hakuna ugonjwa mwingine wa kawaida unaoishusha kiasi hicho. Kwa hiyo feritini ya chini iaminike hata kama mgonjwa ana homa. Shida iko upande wa pili, pale inapoonekana ya kawaida au ya juu.

Mwili unapopambana na maambukizi, jeraha au ugonjwa kama baridi yabisi, huingia katika hali ya inflamesheni. Seli za kinga hutoa kemikali za kupeana taarifa, na mojawapo, inayoitwa interlukini-6, huliamuru ini kutengeneza homoni ya hepsidini. Kazi ya hepsidini ni kufunga mlango ambao chuma hutokea kwenye seli kuingia katika damu. Inaaminika kuwa hii ni mbinu ya kuwanyima vijidudu chuma, maana bakteria wengi wanakihitaji ili wazaliane.

Mlango huo ukifungwa, athari huonekana ndani ya saa chache. Chuma tunachofyonza kwenye chakula ni miligramu 1 au 2 tu kwa siku. Uboho unahitaji zaidi ya miligramu 20, na karibu zote hutoka kwa seli zinazomeza chembe nyekundu zilizozeeka na kurudisha chuma chake. Kiasi kinachosafiri kwenye damu kwa wakati mmoja ni kama miligramu 3 tu. Seli zikizuia kutoa, hicho kidogo kilichoko njiani hutumika haraka na chuma cha kwenye damu hushuka. Wakati huohuo feritini hupanda, kwa sababu inflamesheni yenyewe huzichochea seli kuitengeneza zaidi, na chuma kilichonaswa ndani yake huongeza uchochezi huo. Ini likiwa limeumia, feritini humwagika kutoka seli zake pia. Kwa hiyo 96 ya mtu mwenye homa na 96 ya mtu asiyeumwa ni namba moja yenye maana mbili.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lilizingatia jambo hili: kwa mtu mzima mwenye maambukizi au inflamesheni, kikomo cha kutambua upungufu wa chuma hupandishwa kutoka 15 hadi 70. Madaktari wengi wa wodini hufika hadi 100. Mama yetu mwenye 96 yuko katikati ya vikomo hivyo viwili, na hapo ndipo inapobidi tuongeze kipimo kingine.

Kipimo hicho kwenye karatasi huandikwa TSAT, yaani asilimia ya ujazo wa transferini. Transferini ni protini inayobeba chuma kwenye damu. Ifikirie kama daladala: TIBC ni jumla ya viti vyote, chuma cha kwenye damu ni abiria waliokaa, na TSAT inasema viti vingapi kati ya mia vina watu.

```
TSAT (%) = chuma / TIBC x 100
```

Maabara nyingine hazitoi TIBC bali hutoa transferini yenyewe kwa gramu kwa lita. Zidisha kwa 25, utapata TIBC inayokaribia kwa mikromoli kwa lita. Kwa mtu asiyeumwa TSAT huwa kati ya 20 na 45 hivi. Ikiwa chini ya 20, uboho unapata chuma pungufu.

Hata hivyo TSAT ya chini haisemi kwa nini. Anayekosa chuma kabisa atakuwa na TSAT ya chini, na mwenye chuma tele kilichofungiwa ndani ya seli atakuwa nayo vilevile. Wengi wetu tulifundishwa kuangalia asilimia tu, na hapo tunapoteza taarifa yenye thamani kubwa kuliko zote kwenye karatasi ile, yaani TIBC. Chuma kikikosekana, ini huongeza transferini, kana kwamba mwili unaongeza magari barabarani kutafuta abiria wachache waliopo, hivyo TIBC hupanda. Kwenye inflamesheni ini hupunguza transferini, na TIBC hushuka. Mgonjwa mwenye yote mawili huvutwa huku na huku, na TIBC yake mara nyingi huangukia katikati, mahali panapoonekana pa kawaida.

Turudi kwa mama yetu. CRP, kipimo cha ukali wa inflamesheni, ni miligramu 168 kwa lita, wakati mtu asiyeumwa huwa chini ya 5 au 10 kulingana na maabara. Chuma ni mikromoli 3 na TIBC ni 58. Gawanya, unapata TSAT ya asilimia 5. MCV, yaani ukubwa wa chembe nyekundu, ni 71, na kawaida huanzia 80.

Kwa CRP ya 168 ningetegemea TIBC iwe imeshuka hadi 40 au chini. Hii imesimama kwenye 58, kwa hiyo kuna kitu kinachoipandisha. Ningetegemea feritini ya mia kadhaa, lakini haijafika hata 100. Kisha chembe zake ni ndogo mno. Nimonia ya siku nne haiwezi kuzifanya chembe kuwa ndogo, kwa sababu chembe nyekundu huishi karibu siku 120 na nyingi zilizomo mwilini zilitengenezwa kabla hajaugua. Tahadhari moja kuhusu MCV: katika pwani ya Afrika Mashariki watu wengi wamerithi alfa-thalasemia, ambayo hufanya chembe ziwe ndogo bila upungufu wowote wa chuma. MCV peke yake haitoshi kuhukumu.

Jambo lililomaliza utata lilikuwa kwenye kadi yake ya kliniki. Ana fibroidi, yaani uvimbe kwenye mfuko wa uzazi, na kwa miaka mitatu hedhi yake imekuwa nzito, ya siku nane hadi tisa. Miezi minne iliyopita, akiwa hana homa, alipimwa feritini ikawa 8, chuma 5 na TIBC 80, sawa na TSAT ya asilimia 6. Alipewa vidonge vya chuma, vikamuumiza tumbo, akaviacha baada ya wiki moja. Hakuongezewa damu wala chuma cha dripu. Feritini yake imepanda kutoka 8 hadi 96 bila kuingiziwa chuma chochote cha maana. TSAT karibu haikubadilika, kwa sababu hali zote mbili huishusha.

Sasa mlinganishe na mgonjwa wa kitanda cha pili, mwanamume mwenye kifua kikuu na aliyekonda. Hb ni 9.1, MCV 82, feritini 720, chuma 4, TIBC 33. TSAT yake ni asilimia 12, nayo ni ya chini. Lakini kila kitu kinaelekea upande mmoja: TIBC imeshuka, feritini imepanda sana, chembe zina ukubwa wa kawaida, na hakuna historia ya kupoteza damu. Chuma chake kimefungiwa. Anachohitaji ni dawa za kifua kikuu, na Hb yake hutarajiwa kupanda inflamesheni inapotulia.

Kuna mtego mmoja wa kinyume unaosahaulika. Mgonjwa mwenye utapiamlo mkali, au anayepoteza protini kwenye mkojo, huwa na transferini kidogo mno. Chuma chake kikiwa 6 tu na TIBC ikiwa 26, hesabu inatoa asilimia 23, na anaonekana salama. Hapa abiria hawakuongezeka, viti ndivyo vilivyopungua. Vilevile, mgonjwa aliyemeza kidonge cha chuma asubuhi hiyo au aliyetoka kuongezewa damu atatoa TSAT ya juu ya kupotosha. Sampuli ichukuliwe asubuhi, kabla ya kidonge na kabla ya damu.

Wagonjwa wenye feritini kati ya 100 na 300 na TSAT chini ya 20 ndio wagumu kweli. Kwa walio na moyo ulioshindwa kufanya kazi vizuri, mseto huo huhesabiwa kuwa upungufu wa chuma, na kwa wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu kwa mashine miongozo inaruhusu kujaribu chuma hata feritini ikiwa hadi 500 endapo TSAT haizidi 30. Vikomo hivyo vilitengenezwa kwa magonjwa hayo, si kwa kila aliyelazwa. Pale maabara inapoweza, kipimo cha hemoglobini iliyomo ndani ya chembe changa husaidia: ikiwa chini ya pikogramu 29, uboho umekuwa ukitengeneza chembe bila chuma cha kutosha siku hizi za karibuni. Inflamesheni haiiongezi kama inavyoongeza feritini, ingawa kwa mwenye alfa-thalasemia nayo hushuka.

Mama yetu hakuanzishiwa chuma cha dripu akiwa na homa, kwa sababu wakati maambukizi makali ya bakteria yanaendelea tahadhari ni kusubiri. Vidonge navyo vingefyonzwa kidogo, kwani hepsidini hufunga mlango wa utumbo kama inavyofunga ule wa seli. Siku ya saba homa ilikuwa imekwisha na CRP imeshuka hadi 22. Kwa kuwa vidonge vilimshinda, alipewa chuma cha dripu. Sentensi ile kwenye faili ilifutwa na kuandikwa "upungufu wa chuma pamoja na inflamesheni, chanzo fibroidi". Wiki nne baadaye Hb yake ilikuwa 10.4, na safari hiyo alikuwa ameshapangiwa siku ya kuonana na daktari wa wanawake.