Mafunzo Tarajali ya Utalii: Posho Peke Yake Haitofautishi Mafunzo na Kazi ya Bure

Wahitimu wa utalii jijini Arusha wanapoomba ushauri kabla ya kukubali nafasi ya mafunzo tarajali, swali lao la kwanza huwa posho. Wana haki ya kuuliza, maana nauli na chakula cha mchana havikopeshwi, lakini jibu lake halionyeshi kama mtu atafundishwa. Swali lenye uzito zaidi ni hili: usingekuwepo, kazi hiyo ingefanywa na nani?

Tuchukue mfano wa mhitimu mwenye barua mbili. Kampuni ya safari inampa miezi 3 bila posho; barua inamtaja msimamizi wake, na inaeleza kwamba ataanza kwa kukokotoa viingilio vya hifadhi, kisha ataandaa ratiba na bei ambazo msimamizi atazikagua kabla hazijatumwa kwa mgeni. Hoteli inampa miezi 6, Juni hadi Novemba, kwa posho ya shilingi 150,000 kwa mwezi, zamu za mapokezi saa 45 kwa wiki, pamoja na "kazi nyingine atakazopangiwa". Posho hiyo ni kama shilingi 770 kwa saa. Kumpokea mgeni na kumwandikisha hujifunzwa kwa wiki chache. Baada ya hapo, katika msimu wa wageni wengi, mhitimu huyu anaziba pengo la mpokeaji ambaye hoteli ingelazimika kumwajiri.

Hata hivyo, barua nzuri ya kampuni ya safari nayo inaweza kubaki karatasi tu. Kipimo chake ni daftari la kumbukumbu za mafunzo, ambalo wengi hulijaza siku ya mwisho, na hapo linakuwa halina faida. Likijazwa kila siku, linganisha wiki ya 3 na ya 10: kama kazi ni zilezile, na hakuna aliyezikagua wala kuzisahihisha, mafunzo yalikwisha zamani na kilichobaki ni kazi ya bure.

Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 humchukulia mtu kuwa mwajiriwa, hata mkataba wake uandikweje, ikiwa kuna dalili mojawapo kati ya zilizotajwa humo. Mojawapo ni kumfanyia mtu kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita. Zamu za hoteli yetu hufikisha kiasi hicho kwa wiki moja. Kifungu hicho hakimalizi shauri, kwa sababu mwajiri anaruhusiwa kuthibitisha kwamba alikuwa akifundisha, na mgogoro ukifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, daftari lililosainiwa na msimamizi pamoja na nakala za ratiba ya zamu ndivyo vitakavyosaidia kuonyesha kilichokuwa kikifanyika. Kwa hiyo nakala hizo zitunzwe tangu wiki ya kwanza, wakati uhusiano na mwajiri bado ni mzuri.