Paka katibiwa, viroboto wamebaki

Ukiuza dawa za mifugo hapa Mtwara, msimu wa mvua ukianza kuna lalamiko moja utalizoea. Mama anaingia dukani na kichupa kitupu, anakiweka juu ya meza. "Baba, dawa uliyonipa ni maji matupu. Paka nimemtia, na viroboto bado wanatutafuna miguu." Mara nyingi dawa ni nzima, na ukimchana huyo paka humkuti kiroboto hata mmoja aliye hai. Wanaouma miguu wametoka chini ya kitanda.

Dhana: Viroboto wanaishi kwenye paka. Akitibiwa paka, wameisha.

Anayeishi kwenye paka ni kiroboto mkubwa tu, yule anayenyonya damu, na katika kundi zima hao ni wachache, kama 5 katika kila 100. Waliobaki ni mayai, mabuu na mabundo, yaani mabuu waliojifunga kwenye vifukofuko wageuke viroboto, na wote hao wako nyumbani.

Jike akishashiba damu huanza kutaga baada ya siku moja au mbili. Kwa siku hutaga mayai 20, pengine hata 40. Yai lake halinati. Ni jeupe, laini, dogo kama punje ya chumvi, na linateleza kwenye manyoya mpaka chini, pale paka anapolala na anapojikuna. Sasa piga hesabu ya paka mwenye majike 5 tu, ambaye kwa macho utasema hana viroboto. Wakitaga mayai 20 kila mmoja, hayo ni 100 kwa siku na 700 kwa wiki, yote yakidondoka kwenye mkeka, kwenye godoro la watoto na kwenye mchanga wa kibaraza.

Pamoja na mayai hudondoka chembe nyeusi ambazo watu huzidhania vumbi. Ziweke kwenye pamba nyeupe iliyoloa. Zikiacha alama nyekundu ya kutu, hicho ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu iliyokauka. Ndicho chakula cha mabuu. Yai likianguliwa baada ya siku chache hutoka buu mweupe, mwembamba kama uzi, anayekimbia mwanga na kujificha kwenye nyufa za sakafu. Buu hawezi ukavu. Hewa ikipungua unyevu chini ya asilimia 50 anakufa. Hewa ya Mikindani wakati wa mvua haimpi shida hiyo. Kwa joto letu la pwani, kutoka yai hadi kiroboto anayeruka ni kama wiki 3.

Dhana: Nyumba ikikaa tupu, viroboto watakufa kwa njaa.

Kuna familia ya hapo Mikindani ilihamia shambani Tandahimba kuokota korosho, kama wiki sita hivi, paka wakaenda naye. Waliporudi na kufungua mlango, hawajatua hata mizigo, miguu ilikuwa imejaa viroboto mpaka magotini. Jirani akashauri waite mtaalamu, maana nyumba imechezewa.

Hakuna aliyeichezea. Walipoondoka, mayai na mabuu yalibaki ndani na yakaendelea kukua. Buu akikomaa hufuma kifukofuko cha nyuzi zinazonata, na mchanga na vumbi hukiganda kwa nje hata usikitambue. Ndani yake hugeuka bundo, kisha kiroboto kamili. Ila huyo kiroboto hatoki ovyo. Anasubiri dalili kwamba damu imefika, yaani mtikisiko wa nyayo, joto la mwili, pumzi ya mtu au mnyama. Asipopata dalili hizo hukaa humo wiki kadhaa, na penye ubaridi na unyevu miezi mitano huwezekana. Nyumba ikiwa na watu, hutoka mmoja mmoja kila siku na wenyewe wanazoea kujikuna. Nyumba ikifungwa, wanalimbikizana. Mlango ukifunguliwa na watu wakaanza kuburuta magunia, wanatoka karibu wote kwa pamoja.

Dhana: Nimepuliza nyumba nzima, baada ya wiki nikaona wengine. Dawa ni feki.

Dawa feki zipo, silikatai hilo. Lakini kabla ya kumlaumu muuzaji, kumbuka kile kifukofuko. Dawa ya kupuliza huua kiroboto mkubwa na buu inayemfikia, lakini kwenye kifukofuko haipenyi vizuri. Waliokuwemo siku ile ya kupuliza wataendelea kutoka kwa wiki kadhaa, pengine mwezi mmoja na nusu au miwili. Kinachotakiwa ni kwamba akitoka akute sakafu yenye dawa au paka mwenye dawa, afe kabla hajataga.

Ile familia ya Mikindani ilifanya hivi. Paka alitiwa matone ya shingoni, na mbwa naye siku hiyohiyo, kwa sababu mnyama mmoja akiachwa bila dawa ndiye anayeendelea kusambaza mayai. Mashuka yalifuliwa kwa maji ya moto. Mikeka ilikung'utwa mbali na nyumba ikaanikwa kutwa nzima kwenye jua kali, maana joto na ukavu vinaua mayai na mabuu bila shilingi. Ndani walifagia kila siku, wakisogeza vitanda, na takataka zikachomwa badala ya kurundikwa nyuma ya jiko. Kufagia kuna faida nyingine: mtikisiko unawatoa viroboto kwenye vifukofuko, wakutane na dawa. Kisha wakapuliza chini ya vitanda, kwenye nyufa na kibarazani. Wakiwa dukani niliwaambia waulize dawa yenye kizuia-ukuaji, inayozuia yai kuanguliwa na buu kukomaa. Bila hiyo utapuliza sana.

Kujua kama wanapungua, usitegemee kujikuna. Usiku weka sahani pana sakafuni, maji kidogo na sabuni, na taa ndogo juu yake. Kiroboto huvutwa na mwanga na joto, anaruka na kuzama. Wiki ya kwanza sahani yao ilikuwa nyeusi. Ya tatu bado walikuwemo, na hapo ndipo baba mwenye nyumba alipotaka kukata tamaa na kununua dawa kali zaidi. Waliendelea kufagia na kurudia matone ya paka kila mwezi, na mwezi wa pili sahani ikawa inaamka na maji tu.

Dhana: Salfa ya mikorosho inatosha, na ni ya bure, imebaki stoo.

Salfa ni ya ubwiri unga kwenye mikorosho. Paka hujilamba mwili mzima kila siku, kwa hiyo chochote utakachompaka atakimeza. Kingine kibaya zaidi ni dawa ya mbwa yenye permethrini. Mbwa anaivumilia, lakini paka inamtetemesha mwili, inamtia degedege, na anaweza kufa. Kabla hujalipa, soma kibandiko kama kimeandikwa paka, na uzito wake.

Wengine humwogesha paka kwa sabuni. Viroboto wakubwa watapungua siku ile, lakini paka akirudi kulala kwenye mkeka uleule atawakuta wapya. Na kama paka wa mtaani hulala chini ya kibaraza chako au mbuzi hufungwa ukutani, puliza na hapo pia, maana mayai yao yanadondoka kwako.