Mahindi ni yaleyale? Dhana zinazonichosha kuhusu sampuli na sumukuvu

Kazi yangu ni kuchukua sampuli za nafaka na kuzipima sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye nafaka, kwa ajili ya wanunuzi na wafanyabiashara wa Kibaigwa, Kongwa na Dodoma mjini. Kila msimu nasikia sentensi moja, mara nyingi kutoka kwa mtu aliyeshika mfuko wa plastiki wenye konzi mbili za mahindi: "Mama, pima hapa tu, mahindi ni yaleyale." Wanamantiki tangu enzi za Aristotle wana jina la kosa hili. Ni kuipa jumla nzima sifa ya kipande chake. Pacha wake ni kukipa kila kipande sifa ya jumla. Kwenye karatasi ya mtihani yanaonekana makosa ya kitoto, lakini ghalani hata watu wenye biashara ya miaka thelathini huyafanya, na huyafanya kwa ujasiri.

Dhana: konzi ikiwa safi, gunia ni safi, na gunia likiwa safi, mzigo ni safi

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa sababu mtetezi wake huwa na hoja nzuri. Ataniambia: mpishi akitaka kujua chumvi ya mchuzi, haunywi sufuria nzima, anaonja kijiko kimoja. Kweli kabisa. Lakini kijiko kinaaminika kwa sababu mchuzi umekorogwa na chumvi imeyeyuka, kwa hiyo kila kijiko kina kilicho kwenye sufuria. Gunia la mahindi halijakorogwa na hakuna kilichoyeyuka. Sumu inakaa ndani ya punje moja moja, na punje ya jirani yake inaweza isiwe nayo kabisa.

Tuhesabu. Punje ya mahindi ina uzito wa kama gramu 0.3, kwa hiyo gunia la kilo 100 lina punje zipatazo 330,000. Watafiti waliopima punje moja moja wamewahi kukuta za mahindi zenye sumukuvu inayofikia mikrogramu 400,000 kwa kilo. Kikomo cha Afrika Mashariki kwa mahindi ya kuliwa ni mikrogramu 10 kwa kilo. Sasa tuseme gunia lako lina punje 20 tu za namna hiyo na nyingine zote ni safi. Kila punje mbaya imebeba mikrogramu 120. Ishirini zimebeba 2,400. Zigawe kwa kilo 100, unapata 24, yaani zaidi ya mara mbili ya kikomo. Hilo gunia halifai kuliwa.

Chota konzi ya gramu 100. Hizo ni punje kama 330, moja ya elfu ya gunia. Uwezekano wa konzi hiyo kubeba hata punje moja kati ya zile ishirini ni kama asilimia 2. Watu mia wakichota mia, tisini na nane watarudi na cheti kizuri. Wale wawili wenye bahati mbaya watapata namba inayozidi 1,000 na kuanza kupiga kelele kwamba mashine imeharibika. Mashine haijaharibika. Wote mia wamepimiwa konzi zao kwa usahihi, ila hakuna aliyepimiwa gunia.

Ndiyo maana sichoti. Natumia bambo, kile chuma chenye mfereji cha kuchoma gunia na kutoa punje za ndani, na nalizamisha juu, katikati na chini, kwa sababu unyevu hupanda kutoka sakafuni na konzi ya juu haiwezi kuusimulia. Mzigo ukiwa mdogo naingia kila gunia. Halafu inakuja hatua ambayo wengi huiruka: sampuli yote inasagwa laini kwanza, inachanganywa, ndipo inagawanywa hadi gramu 50 za kwenda kwenye kipimo. Ukigawa punje kabla ya kusaga, umerudi kwenye konzi ileile kwa njia ndefu. Kusaga ndiko kunakoyafanya mahindi yawe mchuzi.

Hata hivyo sidai kwamba bambo huona kila kitu. Kwa gunia lile la punje 20, ukichukua kilo 5 nzima bado kuna nafasi kama theluthi moja ya kutokugusa hata punje moja mbaya. Sampuli kubwa hupunguza bahati nasibu, haiifuti. Lakini kati ya kukosa mara 98 kwa mia na kukosa mara 36, mimi najua ningependa mtoto wangu ale uji wa mzigo upi.

Kwa hiyo ukiletewa cheti, usianze na namba ya sumu. Soma kwanza imetoka kwenye magunia mangapi, kilo ngapi zilichukuliwa, na kama zilisagwa zote kabla ya kugawanywa. Cheti kisichosema hayo ni cheti cha ule mfuko wa plastiki.

Dhana: mzigo umepita, basi kila gunia limepita

Hapa kosa linageuka, na lilinikuta kwa mzee mmoja mwenye magunia 80 kwenye ghala la kupanga. Nilipita kwenye magunia yote 80, kama gramu 75 kila moja, nikapata kilo 6. Nikasaga, nikapima: 8. Chini ya 10. Mzee akafurahi. "Si nilikwambia mwanangu? Kila gunia hapa ni safi."

"Mzee wangu," nikamwambia, "hiyo 8 ni ya rundo zima. Sijui ni ya gunia lipi."

Nilikuwa nimeona magunia matano ya nyuma yameegemea ukuta, hayako juu ya chaga kama mengine, na bati juu yake lilikuwa na alama ya maji. Nikaomba niyapime peke yake. Yakatoa 120. Yale 75 yaliyobaki yakatoa 1. Fanya hesabu: matano mara 120 ni 600, ongeza 75, ni 675, gawa kwa 80, unapata 8.4. Namba ya kwanza haikudanganya. Mzigo kwa wastani ulikuwa ndani ya kikomo, na hapohapo magunia matano yalikuwa na mara kumi na mbili ya kikomo. Familia hainunui wastani wa magunia 80. Inanunua gunia moja, inapeleka mashineni debe kwa debe, na inakula dona lake miezi miwili.

Mzee hakuwa mjinga. Akafikiri kidogo akasema: "Basi tumwage yote chini, tuchanganye vizuri. Kila gunia litapata 8.4, na wewe utakuwa huna neno." Kimantiki amenishika, kwa sababu kitu kikichanganyika sawasawa kweli, sifa ya jumla inakuwa sifa ya kila kipande. Tatizo ni hilo neno "sawasawa". Makuli wanne wenye koleo hawatachanganya tani 8 za punje kama chumvi kwenye mchuzi, watasambaza tu. Punje mbaya zitabaki nzima na zile zile, ila sasa zitakuwa zimeingia kwenye magunia 75 yaliyokuwa salama, na hakuna tena atakayejua zipo wapi. Tatizo lenye anwani linageuzwa kuwa tatizo lisilo na anwani. Nikakataa kuandika chochote mpaka yale matano yatolewe. Yalitolewa, akanuna, na 75 yakauzwa.

Kwa hiyo nashauri, na watu wangu wamechoka kulisikia: usichanganye sampuli zote kwenye ndoo moja. Gawa ghala kwa jinsi lilivyo, ya ukutani mbali, ya katikati mbali, yaliyoletwa na lori jingine mbali, kila kundi na sampuli yake. Gharama inaongezeka kwa vipimo viwili au vitatu, lakini badala ya kukataliwa mzigo mzima au kupitisha sumu, unatoa magunia matano.

Dhana: samaki mmoja akioza, wote wameoza

Methali nzuri kwa malezi, mbaya kwa ghala. Katikati ya mwaka 2016 kulitokea ugonjwa wa sumukuvu kwenye mikoa ya Dodoma na Manyara. Watu 68 waliugua na 20 wakafariki. Tangu hapo nimekutana na wanunuzi wanaosema hawagusi mahindi ya Chemba, Kondoa wala Kiteto, "kwa sababu ya kule yana sumu". Uchunguzi wa wakati ule ulionyesha kinyume cha fikra hiyo: mahindi kwenye kaya zilizougua yalikuwa na viwango vilivyopita mbali vya kaya za jirani ambazo hazikuugua, na baadhi yalifikia makumi ya maelfu ya mikrogramu kwa kilo. Tofauti ilikuwa kwenye vihenge vya kaya moja na nyingine. Wilaya haina kiwango cha sumu, gunia ndilo linacho. Na mnunuzi anayekwepa Kondoa halafu akachota konzi mahali pengine amefanya makosa yote mawili kwa siku moja.

Dhana: basi huwezi kamwe kutoka kwenye vipande kwenda kwenye jumla

Huyu ni yule aliyesikia nusu ya maelezo yangu. Unaweza, inategemea sifa yenyewe. Kama kila gunia, lililopimwa vizuri, liko chini ya 10, wastani wa mzigo lazima uwe chini ya 10, maana wastani hauwezi kuuzidi mkubwa wao. Kama kila gunia lina unyevu chini ya asilimia 13.5, mzigo pia. Lakini kila gunia kubebwa na kuli mmoja hakumaanishi lori zima litabebwa na kuli mmoja. Na ukienda upande wa pili, kama mzigo mzima hauna sumu hata chembe, hakuna gunia lenye sumu. Ulizia sifa kwanza: inajumlishwa, inawekewa wastani, au inakaa kwa mmoja tu?

Dhana: aliyehifadhi hadi Februari alipata faida, basi wote tuhifadhi hadi Februari

Hili si la maabara, lakini naulizwa kila nikifunga mkoba. Jirani yako alipata bei kwa sababu wengine waliuza Julai. Mkifungua maghala wote wiki moja, hiyo Februari itakuwa Julai nyingine, na mahindi yenu yatakuwa yamekaa miezi saba zaidi, mengine yakiwa yameegemea ukuta.