"Bei njoo inboksi" haiuzi tiketi ya kongamano

Wiki hii nimetumiwa tena kepsheni niipitie "kidogo tu, uipe moto". Naiweka hapa kama ilivyo, nimeondoa jina tu:

"OFA KABAMBE!!! Kongamano kubwa la wafanyabiashara limerudi! Usikubali kuhadithiwa. Tiketi za bei ya kuwahi zimetoka kwa punguzo la 40%, nafasi ni chache, wahi kabla hazijaisha! Bei njoo inboksi."

Nikauliza bei ya kuwahi inaisha lini. Jibu: "Tukiandika tarehe tutajifunga." Jamani. Kujifunga ndiyo biashara yenyewe. Bei ya kuwahi bila tarehe ni bei tu, na mtu asiyejua kesho atalipa ngapi hana sababu ya kulipa leo. Imani kwamba kepsheni ya ofa kazi yake ni kupasha watu moto, na kwamba tarakimu ni mambo ya inboksi, nimeshaichoka.

Anayesoma anataka vitu vitatu: leo ni shilingi ngapi, mpaka lini, na baada ya hapo ni ngapi. Instagram inakuruhusu herufi 2,200, lakini kwenye simu huonyesha takriban 125 za mwanzo kisha inakata. Kwa hiyo hayo matatu yakae kwenye mstari wa kwanza, mahali ambapo mteja wangu ameweka alama tatu za mshangao.

Asilimia nazo ziache. Punguzo la asilimia 40 la nini? La 300,000 ambayo hakuna aliyewahi kuilipa. Unamlazimisha msomaji apige hesabu ili afike kwenye 180,000 ambayo ungeweza kuiandika mwenyewe.

Sasa nije kwenye kinachonikera kuliko vyote: "mwisho saa sita usiku, tarehe 31". Saa sita ipi? Ile ya kuamkia tarehe 31, au ile ya tarehe 31 kuamkia tarehe 1? Kwa wengi wetu usiku hutajwa kwa siku inayokuja, kwa wengine kwa siku iliyopita, na wote wawili wako sahihi kwao. Anayeweka bei kwenye mfumo wa tiketi naye anachagua 00:00 ya tarehe 31 na kwenda kulala akiwa na amani. Mfumo unafunga bei tarehe 31 inapoanza tu, na siku nzima ya mwisho imepotea. Siku hiyo ni ya mwisho wa mwezi, mishahara imeshaingia, watu ndio wanakaa na simu walipe. Wanakuta bei imeshapanda hadi 240,000. Hapo inboksi inajaa kweli, ila si kwa maswali ya bei.

Dawa yake ni ya kijinga kwa urahisi wake: andika "saa 5:59 usiku", na kwenye mfumo weka 23:59. Hakuna dakika ya kubishania. Ongeza jina la siku mbele ya tarehe, maana ukiandika Jumatatu 31 Agosti na kalenda ikasema vingine, kuna mtu ofisini atashtuka kabla ya wateja. Usiandike "kabla ya tarehe 31" kama unamaanisha hadi tarehe 31. Kuna watakaosoma kuwa mwisho ni 30. Na siku yenyewe ikifika, mchana fungua ukurasa wa malipo kwa simu ambayo haijaingia kwenye akaunti yenu uone bei gani inatokea. Ikishafika jioni, umechelewa kurekebisha kwa heshima.

Jambo la pili, ambalo waandaaji waliozoea matamasha hawalioni: tiketi ya kongamano la biashara mara nyingi hailipwi na anayehudhuria. Inalipwa na mwajiri wake. Huyo dada wa idara ya masoko aliyeona posti yako Jumatano hawezi kutoa 180,000 kwenye simu yake. Anahitaji proforma, apeleke kwa bosi, bosi apeleke uhasibu, uhasibu waulize kama VAT imo. Hili la VAT si dogo: kwa kiwango cha kawaida cha Tanzania Bara cha asilimia 18, tiketi ya 180,000 "bila VAT" inakuwa 212,400, na aliyeombea kibali cha 180,000 anarudi kuanza upya. Wiki mbili zinapita bila mtu yeyote kuwa mzembe. Kwa hiyo kepsheni lazima iseme kinachohesabika kuwa "kuwahi": kuomba proforma au pesa kuingia. Mimi hupendelea proforma ishike bei, kisha kuwe na siku chache za kulipa. Wahasibu wa waandaaji hawanipendi kwa hili, na kwa upande wao wana hoja, kwa sababu wapo wanaoomba proforma za watu kumi halafu wakaleta wawili.

Ile kepsheni niliirudisha hivi:

"Tiketi ya kongamano ni sh. 180,000 hadi Jumatatu 31 Agosti, saa 5:59 usiku. Kuanzia 1 Septemba ni sh. 240,000.

Siku mbili, 5 na 6 Novemba, Dar es Salaam. Bei zote zina VAT. Chai na chakula cha mchana vimo.

Hadi 31 Agosti: 180,000
1 hadi 30 Septemba: 240,000
Kuanzia 1 Oktoba, na mlangoni: 300,000

Kampuni: omba proforma hadi 31 Agosti, lipa hadi 14 Septemba, bei yako ni 180,000.

Kiungo cha kulipia kiko kwenye wasifu wetu."

Kiungo hakimo ndani ya kepsheni kwa sababu kwenye Instagram hakibonyezeki hapo. Ngazi za bei ni tatu. Ya nne huwa ni ya kumfurahisha mwenyekiti wa kamati. Na sikuweka "tiketi 100 za mwanzo". Ukichanganya idadi na tarehe lazima useme kipi kikitangulia ndicho kinafunga, na tiketi zikiisha tarehe 20 posti zako zote za tarehe 31 zinakuwa uongo.

Mteja akauliza: tukifika tarehe 31 hatujauza, si tutaongeza wiki? Mtaongeza, najua. Na kusema kweli, wiki hiyo ya nyongeza mara nyingine huleta pesa, sitaki kujifanya haileti. Bei yake inalipwa mwakani, pale watu walewale watakapoiona tarehe yenu na kuisubiri ya pili. Nisichoweza kuapa ni kama bei ya kuwahi inaleta mtu mpya, au inawasogeza tu mbele waliokuwa waje hata kwa 300,000. Nadhani kwa mwandaaji anayetakiwa kulipa amana ya ukumbi hilo la pili nalo lina faida yake, ila si hadithi ninayoambiwa kwenye vikao.

Mwisho, bango. Linasambazwa kwenye makundi ya WhatsApp bila kepsheni, kwa hiyo bei na tarehe ziwe juu ya picha pia. Na tarehe 1 asubuhi, kabla ya chai, rudi kwenye posti ya zamani. Kepsheni ya Instagram unaweza kuihariri, picha iliyokwisha kuwekwa huwezi kuibadilisha. Andika juu kabisa "Bei ya 180,000 imefungwa 31 Agosti, sasa ni 240,000", kama uliibandika juu ya ukurasa ibandue, kisha weka bango jipya.